Kijiko cha mdalasini kila siku: mdalasini upi, na ini la nani?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya watu wanaoishi na kisukari na familia zao. Wengi waliokosa kufika wameniomba, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyosemwa.)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana mliofika, asanteni kwa kuja.

Nianze kwa kuwaomba jambo dogo. Nani kati yenu anatumia mdalasini kila siku kwa ajili ya sukari? Nyoosheni mikono, msione haya. Mikono ni mingi, nami nilitarajia hivyo. Sasa wale mlionyoosha, nawauliza swali la pili: ni mdalasini wa aina gani? Mikono imeshuka. Hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yalipo.

Sikuja kuwatisha. Unga wa mdalasini kwenye keki, kwenye chai, kwenye pilau, huo uleni kwa raha zenu. Wasiwasi wangu ni kwa kile kinachoacha kuwa kiungo na kuanza kuwa dawa: kijiko kila asubuhi, kijiko kila jioni, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kujua ndani ya kile kijiko kuna nini.

Ndani ya kile kijiko mna kitu kinaitwa kumarini. Ni kemikali ya asili inayotengenezwa na mimea mingi, na harufu yake ni tamu, inakaribia ile ya vanila. Iligunduliwa mwaka 1820 ndani ya mbegu za tonka, na mwaka 1868 mkemia Mwingereza William Henry Perkin akaweza kuitengeneza maabara. Tangu hapo ikawa bei rahisi na ikaingia kwenye manukato, na pia kwenye vyakula, hasa katika vanila za bandia. Watu wameila kwa miongo mingi bila kushuku lolote.

Kwenye mdalasini kumarini haiwekwi na mtu. Mti wenyewe ndio unaoitengeneza kwenye ganda lake. Lakini si kila mti, ndugu zangu. Si kila mti!

Tunachokiita mdalasini ni maganda ya miti tofauti iliyo ya ukoo mmoja. Mmoja ni mdalasini wa kweli, unaotoka hasa Sri Lanka, ambao jina lake la kitaalamu ni Cinnamomum verum. Kwenye lebo nyingine utaukuta umeandikwa Cinnamomum zeylanicum, na ni mti uleule. Wengine wanaitwa kwa pamoja kasia. Humo mna kasia ya China, Cinnamomum cassia. Ya Indonesia, Cinnamomum burmannii. Na ya Vietnam, Cinnamomum loureiroi. Mdalasini mwingi unaouzwa duniani ni kasia. Ni mkali zaidi mdomoni, ni rahisi kupatikana, na pakiti ikiwa imeandikwa tu "mdalasini" bila maelezo mengine, kisia kwamba ni kasia.

Tofauti yao kwa upande wa kumarini si ndogo. Gramu moja ya unga wa kasia mara nyingi huwa na miligramu kama 3 za kumarini. Kuna kasia yenye chini ya hapo, na kuna inayopanda hadi kukaribia miligramu 10 kwa gramu. Gramu moja ya mdalasini wa kweli kwa kawaida ina sehemu ndogo sana ya miligramu moja, wakati mwingine kidogo kiasi kwamba mashine inahangaika kuiona. Unazungumzia tofauti ya mara mia na zaidi, kati ya vitu viwili ambavyo pua yako inaviita kwa jina moja.

Je, unaweza kuvitenganisha kwa macho? Kama ni vijiti, ndiyo. Nimekuja navyo, nitavizungusha mvishike. Hiki cheusicheusi chenye wekundu ni kasia. Tazameni mwishoni pake: ni ganda moja tu, nene, gumu, limejikunja kutoka pande mbili na katikati pana uwazi. Jaribuni kukivunja kwa vidole. Hakivunjiki kirahisi. Sasa shikeni hiki cha pili, rangi yake ni ya kahawia iliyofifia. Mwishoni utaona matabaka mengi membamba yamefungwa moja ndani ya jingine, yamejaa kama sigara iliyosokotwa vizuri. Huu ndio mdalasini wa kweli, na ukiubana kidogo unamomonyoka. Harufu yake nayo ni ya upole, ina chembe ya karafuu ndani yake, kwa sababu ganda lake lina eujenoli, ile mafuta inayoipa karafuu harufu.

Ila mkumbuke, mara vijiti vinaposagwa, ushahidi wote huo umepotea. Hakuna jicho wala ulimi wa kuaminika mbele ya unga. Maabara wanapima kiasi cha kumarini na eujenoli ndipo wanasema huu ni upi. Mtu akikuonyesha jaribio la kuupima unga nyumbani kwa rangi au kwa maji, usilijengee afya yako.

Na hata ukijua ni kasia, bado hujui kiasi. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula, inayojulikana kwa kifupi kama BfR, ilipima vijiti vya kasia kimoja kimoja, ikakuta kwamba vijiti vya ndani ya pakiti moja vinaweza kutofautiana sana: kimoja karibu hakina kitu, mwenzake kimejaa. Unga una nafuu kidogo kwa sababu maganda mengi yamechanganywa, lakini nao unatofautiana. Kwa hiyo mtu anayekula kijiko chake kila siku kwa umakini mkubwa, kijiko kilekile, saa ileile, anaamini dozi yake haibadiliki. Dozi inabadilika kila anapofungua pakiti mpya.

Sasa twende kwenye ini. Kwa nini ini?

Katikati ya karne iliyopita wanasayansi wa Marekani waliwalisha panya na mbwa kumarini, wakaona maini ya wanyama wale yanaharibika. Hawakusubiri. Mwaka 1954 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku kuongeza kumarini kwenye chakula. Ile vanila ya bandia yenye kumarini ikaondoka. Mdalasini haukuguswa, kwa sababu katazo lilihusu kumarini inayoongezwa na mtu, wala si ile iliyotoka na mti.

Nusu karne baadaye, mwaka 2004, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikaa kulitazama swali lile upya. Je, kuna kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila kuumia? Nataka mwone namba ile ilivyopatikana, kwa sababu watu wengi wanaiogopa au kuidharau bila kujua asili yake. Walichukua utafiti wa mbwa waliopewa kumarini kwa muda mrefu, wakatafuta dozi ya juu kabisa ambayo maini ya mbwa hayakudhurika. Ilikuwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wakaigawa kwa 100, ili kuacha nafasi kwa tofauti kati ya mbwa na mtu, na kati ya mtu mmoja na mwingine. Wakapata 0.1. Yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa kila kilo ya uzito wako, kila siku, maisha yote. Mwaka 2008 waliipitia tena na kuiacha ilivyo.

Kwa hiyo mtu wa kilo 60, kiwango chake ni miligramu 6 kwa siku. Wa kilo 80 ni miligramu 8. Mtoto wa kilo 15 ni miligramu moja na nusu. Shikeni hiyo ya kilo 60, tutaitumia sasa hivi.

Chukueni mama mmoja wa kilo 60. Sijamtaja mtu, ni mfano, ila wengi wenu mtajiona humo. Amegundulika na kisukari aina ya pili. Amesikia mdalasini unashusha sukari. Anaweka kijiko cha chai cha unga kwenye maji ya moto asubuhi, anakoroga, anakunywa mpaka machicha. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu kama 2.6 za unga. Kama ni kasia ya kawaida yenye miligramu 3 kwa gramu, amemeza karibu miligramu 8 za kumarini. Kiwango chake ni 6. Kijiko kimoja, na ameshavuka.

Baada ya wiki mbili anaona sukari haijashuka alivyotaka. Anafanya nini? Anaongeza kijiko cha jioni. Sasa ni miligramu 16. Na kama pakiti aliyonunua mwezi huu ni ya kasia kali, yenye miligramu 7 kwa gramu, amefika 36, mara sita ya kiwango chake, na hakuna kilichobadilika mbele ya macho yake. Rangi ni ileile, kikombe ni kilekile.

Angetumia mdalasini wa kweli je? Vijiko viwili vilevile, hata tukichukua unga ulio na kumarini nyingi kuliko kawaida yake, vingempa nusu miligramu hivi. Mara nyingi hata hiyo haifiki.

Watu huniuliza, "Si nikichemsha inaisha?" Haiishi. Joto la jikoni haliivunji kumarini. Ukichemsha kijiti kisha ukakitoa, sehemu ya kumarini inaingia kwenye maji na sehemu inabaki kwenye ganda, kwa hiyo unapata kidogo kuliko anayemeza unga mzima. Lakini ukinywa na machicha, umekula vyote. Asali haiiondoi, wala limau.

Hapa niwe mkweli kwenu pande zote mbili. Kuvuka kiwango si sawa na kuumia. Kile ni kiwango cha maisha yote, na kimewekewa nafasi kubwa ya usalama. EFSA wenyewe walisema kwamba kula hata mara tatu ya kiwango hicho kwa wiki moja au mbili si jambo la kuwatia hofu. Kwa hiyo aliyekula sahani ya vitu vya mdalasini wakati wa sikukuu asilale na wasiwasi. Yule mama wa vijiko viwili kwa mwaka mzima ndiye ninayemwazia.

Na huo mdalasini kama dawa ya sukari ulianzia wapi? Utafiti uliosambaa kuliko yote ulifanyika Pakistani na ukachapishwa mwaka 2003. Watu 60 wenye kisukari aina ya pili. Baadhi yao walipewa gramu 1, wengine 3, wengine 6 za kasia kwa siku, na sukari yao ya kufunga ikashuka. Habari ikaenea dunia nzima. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayopishana, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, mara nyingi hakikusogea kwa maana. Lakini kuna kitu kimoja kwenye utafiti ule ambacho hakikusambaa pamoja na habari: waliupa mdalasini kwa siku 40. Arobaini! Si miaka. Ukiniambia unatumia gramu 6 kwa sababu ya utafiti ule, nami nakuuliza, umeshapita siku ya ngapi?

Ndugu zangu, nimesema mbwa, nimesema panya. Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi si panya, yananihusu nini?

Ni swali zuri kuliko linavyosikika, maana hapa ndipo ilipo siri ya ini. Kumarini ikiingia mwilini, ini inabidi liigeuze ili itoke. Kuna njia mbili. Njia ya kwanza hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2A6, ambacho huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara na kikatoka kwenye mkojo. Binadamu wengi tunatumia njia hii zaidi. Njia ya pili huigeuza kuwa kitu chenye sumu kwa seli za ini, na panya ndiyo njia wanayoitegemea. Kwa hiyo ni kweli, panya anaumia haraka kuliko wewe.

Lakini si binadamu wote wana ini moja. Kuna waliozaliwa na CYP2A6 dhaifu, au wasio nayo kabisa. Kwao, kumarini nyingi zaidi inaweza kupita njia ya pili. Watafiti walidhani wamepata jibu la nani ataumia na nani hataumia. Walipowapima watu walioumia kweli, jeni hiyo peke yake haikutosha kueleza. Kwa hiyo leo hakuna kipimo cha damu ninachoweza kukupa kikakuambia, "wewe ni salama, endelea."

Tunajuaje basi kwamba binadamu huumia? Kwa sababu kumarini iliwahi kuwa dawa. Wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, wakatolewa tezi za kwapani, wengine mkono huvimba kwa sababu majimaji ya limfu hayana pa kupita. Mkono unakuwa mzito, nguo haivaliki, ngozi inavutika. Kumarini ilitumika kutibu uvimbe huo katika baadhi ya nchi. Australia iliiondoa sokoni mwaka 1996, baada ya taarifa za maini kuharibika. Kisha mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake 140. Walipewa miligramu 200 mara mbili kwa siku kwa miezi sita, na kwa miezi sita mingine dawa tupu isiyo na kitu. Mikono haikupungua. Na asilimia 6 ya wanawake wale, vipimo vya damu vilionyesha ini linaumia.

Tazameni namba ile kwa utulivu. Miligramu 400 kwa siku. Hakuna kijiko cha mdalasini kinachofika huko. Msimwambie mtu kwamba nimesema mdalasini ni sawa na dozi ile, sijasema hivyo. Lakini tazameni pia upande wa pili: wanawake walio wengi walivumilia miligramu 400 bila ini kuonyesha shida, na wachache hawakuvumilia. Na miongoni mwa wagonjwa waliotumia dawa za kumarini kwa dozi ndogo zaidi, za makumi ya miligramu kwa siku, walikuwepo waliopata shida ya ini. Makumi ya miligramu, ndugu zangu. Yule mama wetu wa vijiko viwili vya kasia kali tulimwacha kwenye ngapi? Thelathini na sita.

Ndiyo maana siwezi kuwaambia kwamba fulani anakula kila siku na hajapata kitu, basi nawe kula. Ini lake si lako.

Na watoto? Hili nalipitia, lakini silipiti haraka.

Mwaka 2006 kule Ujerumani, BfR ilitoa tahadhari kuhusu biskuti za mdalasini zenye umbo la nyota, zinazoliwa msimu wa Krismasi. Nchi nzima ikashtuka. Biskuti? Za Krismasi? Lakini hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa kilo 15 kiwango chake ni miligramu 1.5. Ukiwa na biskuti yenye miligramu 50 za kumarini kwa kilo, gramu 30 tu zinamfikisha hapo, na gramu 30 ni biskuti ndogo chache ambazo mtoto anazimaliza kabla hujageuka. Baadhi ya zilizopimwa zilikuwa na zaidi.

Ulaya ikaweka sheria, namba 1334 ya mwaka 2008. Mikate na keki za jadi au za msimu zenye jina la mdalasini kwenye lebo, mwisho miligramu 50 kwa kilo. Keki nyingine tamu, 15. Vyakula vya nafaka vya asubuhi, 20. Mnaona busara iliyomo? Kinacholiwa msimu mmoja wa mwaka kimeachiwa nafasi, na kinacholiwa kila siku kimebanwa. Mwaka 2013 waokaji wa Denmaki wakapiga kelele: mikate yao ya mdalasini iliyosokotwa ilikuwa imewekwa kwenye kundi la 15, nao wakasema haiwezekani kuwa na ladha yake. Serikali yao mwaka uliofuata ikaihamishia kwenye kundi la jadi, 50. Mimi siwalaumu waokaji wale. Ila nataka mzazi ajue kwamba uji wa asubuhi wa mtoto, unaonyunyiziwa kasia kila siku ya Mungu, ni jambo zito kuliko mkate mmoja wa sikukuu. Kwa mtoto wa kilo 15, nusu gramu ya kasia ya kawaida kwa siku imeshamfikisha kwenye kiwango. Nusu gramu ni karibu sehemu ya tano ya kijiko cha chai.

Kabla sijaenda kwenye la mwisho, kuna jambo moja linalochanganywa kila mahali, nami lazima ninyooshe. Watu wanasema kumarini huyeyusha damu. Kumarini ya mdalasini yenyewe haizuii damu kuganda. Mchanganyiko huo umetokana na ng'ombe waliokuwa wakivuja damu hadi kufa, Marekani Kaskazini, miaka ya 1920, baada ya kula majani ya malisho yaliyooza. Kuvu waliokuwa kwenye majani yale ndio waliogeuza kumarini kuwa kitu kingine, dikumaroli, na hicho ndicho kinachozuia damu kuganda. Kutokana nacho ikaja dawa ya warfarini. Ni ndugu, lakini hawafanyi kazi moja. Hata hivyo, wewe unayetumia warfarini, ini lako ndilo linaloishughulikia dawa hiyo, kwa hiyo usianze mdalasini wa vijiko bila kumwambia daktari wako. Sababu ni ini.

Na hilo la dawa nyingine ndilo ninalotaka kulimalizia.

Katika majarida ya kitabibu kuna taarifa ya mwanamke wa miaka 73, Marekani, aliyekuwa akitumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Akaongeza vidonge vya mdalasini. Baada ya siku chache tu alilazwa akiwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na vipimo vikaonyesha ini limevimba. Madaktari walisimamisha vyote viwili, akapata nafuu. Baadaye alirudishiwa statini, tatizo halikurudi. Taarifa ya mtu mmoja haithibitishi kila kitu, na madaktari wenyewe walilieleza kama jambo la kushukiwa. Lakini tazameni ni nani anayekunywa mdalasini kwa vijiko: mara nyingi ni mtu wa makamo, mwenye kisukari, mwenye kolesteroli, mwenye presha, ambaye tayari ini lake linashughulikia dawa tatu au nne. Na mara nyingi lina mafuta, kwa sababu kisukari aina ya pili na ini lenye mafuta hutembea pamoja.

Kwa hiyo mnifanyie haya. Ukienda kliniki, beba pakiti yako ya mdalasini au chupa ya vidonge pamoja na dawa zako. Usiseme "natumia kiungo tu". Sema unatumia kiasi gani, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Pakiti isomwe: kama ina Cinnamomum verum au zeylanicum, sawa, kama ina cassia, aromaticum, burmannii au loureiroi, ni kasia, kama haina jina lolote la mti, ihesabu kuwa kasia. Kama unapenda mdalasini wa kila siku na huwezi kuuacha, nunua vijiti vya matabaka mengi usage mwenyewe. Vidonge vya mdalasini visomeni kwa jicho kali zaidi kuliko unga, kwa sababu kidonge hakina ukali mdomoni wa kukuambia inatosha, na mtu humeza gramu kadhaa bila kuhisi.

Na kama umekuwa ukitumia kasia kwa vijiko kwa miezi, usihangaike wala usinyamaze. Acha, kisha omba kipimo cha ini. Daktari ataangalia vimeng'enya viwili, ALT na AST, ambavyo humwagika kwenye damu seli za ini zinapoumia. Mara nyingi hupanda kabla mtu hajahisi lolote, ndiyo maana kusema "mimi najisikia vizuri" hakutoshi. Ukiona uchovu usioelezeka, hamu ya chakula imekatika, kichefuchefu, mkojo mweusi kama hujanywa maji ilhali umekunywa, kuwashwa mwili, au weupe wa macho kuwa wa njano, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Wengi walioumizwa ini na kumarini, walipoiacha, vimeng'enya vilishuka na ini likarudi kwenye kazi yake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kikiwa juu, daktari atakuambia uache na urudi baada ya wiki kadhaa. Vikiwa vimeshuka, mmeshapata mshukiwa wenu. Visiposhuka, mdalasini huenda haukuwa wenyewe, na inabidi daktari atafute kwingine: mafuta kwenye ini, homa ya ini ya virusi, pombe, au mojawapo ya dawa zile nyingine.

Sasa naomba vile vijiti virudi mbele, halafu tuanze maswali. Naona mama pale nyuma mkono wake uko juu muda mrefu, tuanze naye.